Arduino au Raspberry Pi kwa mradi wa kupima unyevu wa udongo shuleni (Moshi)

Mwalimu_Kibosho

Habari za jioni wadau. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari upande wa Kibosho, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanataka kujua kama matandazo ya majani makavu ya migomba yanahifadhi maji ardhini kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Wameandaa matuta mawili ya mchicha yanayopakana, moja lenye matandazo na jingine wazi, na watamwagilia yote mawili kwa ndoo zilezile na siku zilezile. Wanataka unyevu urekodiwe kila baada ya dakika 10, mchana na usiku, katika kiangazi hiki cha Julai.

Maabara ina Arduino Uno moja na Raspberry Pi 3 moja ambayo tulipewa. Tuna pia vihisi vinne vya unyevu vya aina ya kapasita, vile vyeusi vyenye umbo la kisu. Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba tutumie Pi kwa kuwa ni kompyuta kamili na Arduino ni ya kuwashia taa tu. Bustani iko mbali na maabara na haina umeme. Ninaomba ushauri kabla hatujaanza kulehemu chochote.

Mpenda_Linux

Mwalimu, mwenzako yuko sahihi. Pi ina kadi ya kumbukumbu, ina wai-fai, na mnaweza kuandika programu kwa Python, lugha ambayo wanafunzi watakuja kuitumia baadaye. Unaunganisha kihisi moja kwa moja kwenye pini za GPIO, unaandika mistari michache, na data inaingia kwenye faili yenye tarehe. Kwa Arduino utalazimika kununua kifaa cha kadi, kisha saa, na mwishowe utakuwa umejenga kompyuta mbovu kwa vipande.

FundiBodi_Arusha

Ndugu Mpenda_Linux, hapo kwenye "moja kwa moja" ndipo mradi utakapokwama. Kihisi cha kapasita hakitoi ndiyo au hapana. Kinatoa volti inayopanda udongo ukikauka na kushuka udongo ukilowa, na pini za Pi hazina uwezo wa kupima volti ya namna hiyo. Zinatambua ipo au haipo, basi. Vile vihisi vya zamani vya vyuma viwili vinavyokuja na kibodi kidogo chenye skrubu ya kurekebisha vina pini ya kuambia Pi "kumekauka" au "kumelowa", na huenda hivyo ndivyo ulivyowahi kutumia. Lakini swali la wanafunzi ni kiasi gani, na pini ile haijibu kiasi. Isitoshe, vyuma vyake huliwa na kutu haraka vikiachwa na umeme ndani ya udongo mbichi.

Uno ina pini sita za kupokea volti kama hiyo, A0 hadi A5, na huigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Angalizo ni kwamba ukiongeza saa ya DS3231, ambayo utaihitaji ili kila namba iwe na muda wake, saa hiyo inachukua A4 na A5, kwa hiyo zinabaki nne. Mna vihisi vinne, hivyo vinatosha bila kubaki.

Suala la pili ni nishati. Pi 3 ikiwa imekaa tu bila kazi kubwa hula takriban miliampia 300, wakati Uno pamoja na vihisi hivyo, saa na kadi inaweza kukaa karibu na 80. Kwa pawabenki ya kawaida ya 10,000, Pi itazimika kabla ya siku kuisha, na ikizimika ghafla wakati inaandika, faili za kadi yake zinaweza kuharibika kiasi cha kutowaka tena. Arduino ikikatika inapoteza mstari mmoja wa data, na umeme ukirudi inaanza upya yenyewe.

Mkulima_Tambarare

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Mimi nina shamba huku chini tambarare, na ninataka valvu ya matone ijifungue yenyewe udongo ukikauka. Je, hiyo Arduino yenu inaweza kuendesha pampu ya maji? Nilinunua kihisi kama chenu nikakichomeka shambani, lakini kiliendelea kuonyesha ukavu hata baada ya kumwagilia siku nzima, na nikahitimisha kwamba ni bidhaa feki.

FundiBodi_Arusha

Mzee wangu, Mwalimu hamwagilii kwa mashine, anapima tu. Hata hivyo tatizo lako linamhusu. Kama udongo wako ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, ufa hupenda kuanzia mahali ulipochoma kihisi. Kihisi cha kapasita kinahisi kile kinachogusa uso wake tu, milimita chache pembeni. Kukiwa na uwazi wa hewa pale, kitasoma hewa, hata kama maji yanasimama hatua moja kutoka hapo. Kichomoe, vunja udongo uwe laini, tengeneza uji mzito wa udongo huohuo, ukirudishe humo na kuushindilia kwa vidole.

Kuhusu feki, geuza kihisi usome kwenye kichipu chake kikubwa. Kikiwa kimeandikwa TLC555 ni salama. Kikiwa NE555, hicho huhitaji volti 4.5 au zaidi ili kifanye kazi vizuri, na vihisi vingi hukilisha 3.3 tu, kwa hiyo namba zake hazieleweki. Angalia pia kama kuna kidude kidogo cha miguu mitatu chenye alama 662K. Hicho ndicho kinachoshusha umeme hadi volti 3.3 kabla haujafika kwenye kichipu. Mwalimu, nawe angalia vya kwenu, kisha pakeni kingo zake rangi ya kucha mara mbili au tatu, maana kingo za bodi hunyonya maji.

Mhitimu_2019

Kwa nini msitumie ESP32? Ina wai-fai ndani yake na bei yake ni nafuu kuliko Uno.

FundiBodi_Arusha

Ni bodi nzuri, lakini bustani haina wai-fai, na Mwalimu tayari ana Uno mkononi. Tena nusu ya pini zake za kupima volti hazisomi wakati wai-fai imewashwa, na zilizobaki hupinda karibu na ncha za kipimo. Kwa mwanafunzi anayejifunza kupima, hayo ni mambo mawili ya ziada ya kuelezea.

Mwalimu_Kibosho

Ninawashukuru sana. Tulichagua Arduino. Vihisi vyetu vina TLC555 na hiyo 662K. Sasa ninarudi na matokeo ya awali ambayo yametushangaza.

Kwanza tulitumia pawabenki, ikawa inajizima yenyewe kila mara baada ya muda mfupi ingawa imejaa. Tukaiacha, tukaunganisha betri nne za kuchaji za ukubwa wa AA kwenye pini ya 5V, na tunazibadilisha kila siku jioni. Data inarekodiwa vizuri. Tatizo ni kwamba grafu ina umbo la meno ya msumeno. Namba zinapanda taratibu kutwa kucha, ikimaanisha udongo unakauka, halafu ghafla zinashuka kana kwamba mtu amemwagilia, na muda wa kushuka ni uleule wa kubadilisha betri. Wanafunzi wamekwisha kusema kwa utani kwamba betri mpya zinalowesha udongo.

Kuna jambo jingine. Kihisi cha nne kiling'olewa wakati wa palizi na kimebaki kikining'inia hewani kwenye kivuli cha boksi. Nacho kinapanda na kushuka pamoja na wenzake. Jana baada ya kuweka betri mpya kilisoma 551, na leo kabla ya kuzibadilisha kikasoma 623. Kihisi cha tuta lenye matandazo kilitoka 414 hadi 467 katika muda huohuo.

Mpenda_Linux

Pawabenki hujizima kwa sababu mzigo ni mdogo mno, hudhani simu imejaa. Kwa Pi msingepata tatizo hilo. Na hizo namba za hewani zinaonyesha wazi kwamba vihisi vya bei ya chini havifai kwa sayansi, vinabadilika vyenyewe.

FundiBodi_Arusha

Kuhusu pawabenki uko sahihi kabisa. Kuhusu vihisi, tuvitendee haki kwanza, kwa sababu hapa vihisi havikubadilika. Kilichobadilika ni rula.

Mwalimu, gawanya 623 kwa 551, utapata 1.13. Gawanya 467 kwa 414, utapata 1.13 vilevile. Kihisi kimoja kiko hewani na kingine kiko ardhini, lakini vyote viwili vimepanda kwa uwiano uleule. Hewa na udongo haviwezi kukauka kwa uwiano mmoja kwa bahati, kwa hiyo chanzo ni kitu wanachokitumia wote kwa pamoja.

Uno usipoiambia vinginevyo hulinganisha volti ya kihisi na volti yake yenyewe ya kuendeshea, ambayo huichukulia kuwa ni 1024. Mnapolisha kwa USB ya kompyuta, hiyo ni karibu volti 5 na haibadiliki sana. Mnapolisha kwa betri nne, inaanza juu ya 5 na kushuka kadiri betri zinavyoisha. Tuseme kihisi cha kwenye tuta kinatoa volti 2.10 bila kutetereka, kwa sababu 662K inakilinda. Betri zikiwa 5.20, Uno inasoma 2.10 ÷ 5.20 × 1024, yaani takriban 414. Betri zikishuka hadi 4.60, volti ileile 2.10 inasomwa 467. Udongo haujapoteza hata tone moja. Hizo ndizo namba zenu hasa, kwa hiyo ninakisia kwamba betri zenu zilikuwa karibu na volti hizo. Pimeni kwa multimita mthibitishe.

Na kosa hilo si dogo. Kwa betri za 5.20, hewa inasoma 551, na nikidhani kwamba glasi ya maji ingewapa kama 276, basi upana wote wa kipimo chenu ni 275. Betri peke yake imesogeza kipimo cha tuta kwa 53, karibu moja ya tano ya upana huo. Tofauti ya matandazo mnayoitafuta inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo.

Dawa ni waya mmoja. Toeni waya kutoka pini ya 3.3V ya Uno kwenda pini ya AREF, ili rula iwe volti 3.3 zinazobaki palepale hata betri zikishuka hadi 4.6. Kihisi hakizidi volti 3.0 hivi, kwa hiyo hakitavuka kipimo. Sharti ni moja: amri ya `analogReference(EXTERNAL)` itangulie `analogRead` yoyote, na pakieni programu hiyo kabla ya kuunganisha waya, la sivyo rejea ya ndani ya kichipu itaunganika na waya wenu na kichipu kinaweza kuungua.

```
void setup() {
  analogReference(EXTERNAL);
  Serial.begin(9600);
}
void loop() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 20; i++) jumla += analogRead(A0);
  Serial.println(jumla / 20);
  delay(600000UL);
}
```

Hapo nimeweka kihisi kimoja tu na nimeacha sehemu ya saa na kadi, ambayo mnayo tayari. Wastani wa mara 20 unapunguza kuyumba kwa namba. Baada ya hapo, ile 2.10 itasomwa karibu 652, iwe asubuhi au jioni. Jambo la mwisho, msije mkaweka betri nne za kawaida zisizochajika kwenye pini ya 5V, kwani zikiwa mpya zinaweza kufika volti 6.4, na kichipu hakivumilii hivyo.

Mwalimu_Kibosho

Tumepima betri. Zilizotolewa leo zinasoma 4.61 zikiwa bado zimeunganishwa, na zilizoingia zinasoma 5.19. Nimewapa wanafunzi wapige hesabu wenyewe, wameelewa kuliko nilivyotarajia. Swali langu ni kuhusu data ya wiki hii yote. Je, tuitupe?

FundiBodi_Arusha

Msiitupe. Yule aliyeng'oa kihisi wakati wa palizi amewaokoa bila kujua. Kihisi cha hewani kilipaswa kusoma namba moja muda wote, kwa hiyo mabadiliko yake ni rekodi ya betri. Kwa kila mstari, gawanya namba ya tuta kwa namba ya kihisi cha hewani ya muda huohuo. 414 ÷ 551 ni 0.751, na 467 ÷ 623 ni 0.750. Meno ya msumeno yanafutika, na kinachobaki ni udongo wenyewe. Ila data ya kabla kihisi hicho hakijang'olewa haiwezi kusafishwa hivyo.

Mpenda_Linux

Ninakubali hoja ya rula, lakini naomba haki yangu pia. Pi ikiunganishwa na kibodi cha kupima volti cha ADS1115 hainge­pata tatizo hili kamwe, kwa sababu kibodi hicho kina rejea yake ndani na hakijali betri. Tena kina biti 16 dhidi ya 10 za Uno. Mwalimu angeweza kupata grafu safi tangu siku ya kwanza.

FundiBodi_Arusha

Hilo ni kweli, na ni hoja bora kuliko ile ya Python. Lakini hoja hiyo inaisifu ADS1115, si Pi, kwa kuwa kibodi hichohicho kinaunganishwa na Uno kwa waya nne, kwenye A4 na A5 zilezile za saa. Biti 16 hazitawasaidia sana, kwani kihisi chenyewe huyumba zaidi ya hatua moja ya Uno. Mahali ambapo ningeiweka Pi ni ndani ya maabara kwenye umeme wa ukutani, ikisoma kadi kila jioni na kuchora grafu. Hapo hiyo Python yako itafanya kazi yake.

Bi_Maabara

Naomba kuingilia kati, kwa sababu mnazungumza namba 414 na 0.751 kana kwamba ni maji. Hizo bado ni volti. Wanafunzi wakisema tuta moja lina 0.75 na jingine 0.80, jaji yeyote atauliza hiyo ni maji kiasi gani, na hawatakuwa na jibu.

Chukueni udongo wa bustani hiyohiyo, mkaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa 24, kisha mshindilie kwenye chombo cha lita moja kwa ugumu unaolingana na wa kwenye tuta, na mpime uzito wake. Udongo wa volkano wa milimani kwetu ni mwepesi, msishangae lita moja ikitoa gramu 800 hivi, na ndiyo maana jedwali la mtandaoni lililotengenezwa kwa udongo wa mchanga halitawafaa. Umwageni kwenye beseni, ongezeni gramu 100 za maji, changanyeni vizuri, funikeni usiku kucha, kisha urudisheni kwenye chombo na mchomeke kihisi hadi kwenye mstari wake. Hiyo ni asilimia 10 ya ujazo. Rudieni kwa 200, 300 na 400. Fanyeni hivyo kwa kila kihisi peke yake, maana havifanani hata vikitoka kwenye pakiti moja.

Mkulima_Tambarare

Fundi, nimefanya ule uji wa udongo. Kihisi sasa kinashuka nikimwagilia. Bado ninasubiri jibu la valvu.

FundiBodi_Arusha

Fungua uzi wako mzee, nitakuja huko. Valvu inahitaji rilei na umeme wake peke yake, na humu tutamchanganya Mwalimu.

Mwalimu_Kibosho

Tumeunganisha AREF na meno ya msumeno yametoweka. Tumefanya pia kazi ya Bi Maabara kwa vihisi viwili, na curve zake kweli zinatofautiana, hasa upande wa udongo mkavu.

Limebaki wimbi dogo. Katika tuta lililo wazi namba hubadilika kila siku kuanzia saa nne asubuhi na kurudi jioni, bila mtu kumwagilia. Katika tuta lenye matandazo wimbi hilo karibu halionekani. Wanafunzi wanasema hayo ndiyo maji yanayopanda kwa mvuke na kurudi usiku, na wanataka kuliandika kama ugunduzi wao.

FundiBodi_Arusha

Waandike polepole. Kihisi hiki huathiriwa na joto, na tuta lililo wazi hupata jua moja kwa moja wakati lile jingine limefunikwa. Matandazo yanabadilisha unyevu na joto kwa pamoja, kwa hiyo sehemu ya tofauti mnayoiona inaweza kuwa joto tupu. Wekeni kihisi cha joto cha DS18B20 katika kila tuta kwa kina kilekile.

Bi_Maabara

Mimi sikubali kwamba ni joto tu. Udongo wa juu hupoteza maji mchana na hupokea kidogo kutoka chini usiku, hilo si jambo geni. Kihisi cha joto kitaonyesha kwamba joto limepanda, jambo ambalo tunalijua tayari, lakini hakitasema maji yalikwenda wapi. Mizani itasema. Chukueni sampuli kwa kina cha sentimita 5 kutoka tuta lililo wazi saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana, siku tatu mfululizo, mpime na kukausha. Kama uzito wa maji haubadiliki na kihisi kinabadilika, Fundi ameshinda.

Mwalimu_Kibosho

Tutafanya yote mawili. DS18B20 tutaziagiza Arusha, na sampuli tunaanza kuchukua Jumatatu, pembeni ya tuta ili tusivuruge udongo unaozunguka vihisi.